Barabara imekatika na vitunguu vyangu nilivinunua kwa bei ya zamani: niuze vipi?

Swali

Mshauri, asalaam aleikum. Mimi ni mama wa meza ya vitunguu na nyanya katika soko moja la Mtwara mjini, na mzigo wangu huupata Dar es Salaam kwa njia ya Kilwa. Mvua imekata barabara na magari hayapiti. Stoo nina magunia 8 ya vitunguu niliyoyanunua kabla njia haijakatika. Wenzangu wamepandisha bei, nami nikawafuata, lakini wateja wangu wa siku zote wameanza kuniita mlanguzi, na mama mkwe ananiambia kuwa ninakula dhuluma kwa sababu mzigo huu niliupata kwa bei ya zamani. Mwenye Fuso mmoja ananishawishi nimpe oda ya magunia 20 yaje kupitia Songea, nauli ikiwa imezidi kwa zaidi ya Sh40,000 kwa gunia. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa: ikiwa nauli imepanda kiasi hicho tu, kwa nini bei sokoni imepanda kuliko nauli? Je, mzigo wa zamani niuuze kwa bei ya zamani? Na hayo magunia 20 niyachukue au niyaache?

Muuza vitunguu, Mtwara

Jibu

Waaleikum salaam, dada yangu. Maswali yako yote yanashikwa na shina moja, nalo ni kujua bei unayoiona sokoni leo imejengwa na nini, kwa kuwa sehemu moja ya bei hiyo itadumu muda wote njia ikiwa imefungwa, na sehemu nyingine itaanguka siku ileile gari la kwanza litakapovuka. Nitakueleza kwa kisa cha muuza vitunguu mmoja wa Lindi aliyepitia hayo mwaka 2024. Kiasi cha fedha nimekiweka kwa namba za mviringo ili uweze kukifuata bila kikokotoo, nawe utabadilisha kwa bei za kwenu.

Tarehe 4 Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania kupitia Mafia, wakati ardhi ilikuwa imeshalowa kwa mvua za El Nino zilizoanza mwishoni mwa mwaka 2023. Barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika sehemu kadhaa wilayani Kilwa, Somanga ikiwa mojawapo, na malori yakapanga foleni pande zote mbili za maji. Kwa njia hiyo Lindi iko kilomita 450 hivi kutoka Dar. Aliyetaka kufika bila kusubiri ilimpasa azunguke Morogoro, Iringa, Njombe, Songea, Tunduru na Masasi, safari inayozidi mara tatu ya ile ya kawaida.

Jamaa huyo alikuwa na magunia 6 ya vitunguu. Kwa kawaida gunia la kilo 100 alilinunua Dar kwa Sh150,000, nauli Sh8,000, ushuru na kuli Sh4,000, jumla Sh162,000. Katika kila gunia kilo 5 hupotea kwa kuoza na kunyauka, hivyo hubaki kilo 95 za kuuza, na kila kilo inakuwa imemgharimu Sh1,705. Aliuza kilo kwa Sh2,000, akabaki na Sh28,000 kwa gunia. Ni biashara ya kawaida kabisa, ya faida ndogo na mzunguko wa haraka.

Habari za barabara zilipofika, alifanya kile ambacho mama mkwe wako angekipenda: akaendelea kuuza kwa Sh2,000. Alfajiri alikuja kijana mwenye guta akachukua magunia mawili, na kabla ya saa nne mwenye hoteli akachukua la tatu. Wale akina mama waliozoea kununua fungu la Sh500 walipofika baadaye, walimkuta anafungua gunia la nne huku akisema leo anauza kidogokidogo. Jioni alipopita upande wa pili wa soko aliyaona magunia yake mawili, akayatambua kwa uzi wa bluu aliokuwa ameshonea midomo yake, yamefunguliwa na yanauzwa kwa Sh3,000 kwa kilo, na miongoni mwa wanunuzi walikuwamo wateja wake mwenyewe.

Hapo ndipo alipopata somo la kwanza. Huruma yake haikumfikia mlaji. Vitu vinapokuwa vichache na mtu mmoja akauza chini ya bei ambayo wengine wako tayari kulipa, anayewahi si yule mwenye shida kubwa bali ni yule mwenye fedha taslimu, usafiri na habari, na tofauti ya bei huishia mfukoni mwake.

Somo la pili alilipata alipofungua daftari. Magunia matatu yalimpa Sh570,000, na kwa hesabu ya kila siku hiyo ni faida ya Sh84,000. Lakini alipompigia simu dalali wake, akaambiwa kuwa mzigo unaozunguka Songea unatozwa nauli ya Sh50,000 kwa gunia. Gunia moja sasa lingemfikia kwa Sh204,000, na matatu kwa Sh612,000. Fedha alizoshika hazikutosha kurudisha magunia aliyoyatoa. Alikuwa ameuza matatu akabaki na uwezo wa kununua mawili na chenji, na huku kwenye daftari imeandikwa faida. Ndiyo maana wafanyabiashara wazoefu husema kuwa bei ya mzigo ulio stoo ni ile utakayolipa kuurudisha, na ile uliyolipa zamani imekwisha kazi yake. Mama mkwe anatazama risiti ya jana, nawe unatakiwa utazame risiti ya kesho. Hakuna dhuluma katika hilo, kwa sababu usipofanya hivyo meza yako itapungua kila wiki mpaka siku utakapoamka huna mtaji.

Sasa twende kwenye jambo linalokuchanganya, kwamba bei imeizidi nauli. Umeliona vizuri kuliko wengi. Kwa njia ndefu vitunguu hukaa siku nyingi chini ya turubai na hupata joto, kwa hiyo tuseme zinapotea kilo 10 badala ya 5. Gawanya Sh204,000 kwa kilo 90 zinazobaki, utapata Sh2,267 kwa kilo. Ukilinganisha na Sh1,705 ya zamani, ongezeko ni Sh562, na ndani yake mna nauli na uharibifu pia. Lakini sokoni Lindi bei ilipanda kutoka Sh2,000 hadi Sh3,500, yaani Sh1,500. Ukitoa Sh562 za njia, zinabaki kama Sh940 ambazo hakuna dereva aliyelipwa wala kuli aliyezibeba. Hizo ni bei ya uhaba wenyewe.

Uhaba hupandisha bei namna gani? Chukua mji ambao kwa wiki hutumia magunia 40, sasa umebakiwa na 15. Lazima watu waache kula vitunguu, au wale kidogo, hadi hayo 15 yatoshe, na hakuna anayepita nyumba kwa nyumba kuwaambia nani aache. Kazi hiyo hufanywa na bei. Ugumu wa vitunguu ni kwamba watu hawaviachi upesi. Mama anayepika mchuzi hutia vitunguu vya Sh200 katika chungu kinachomgharimu maelfu. Bei ikipanda hadi vitunguu hivyohivyo viuzwe Sh300, atalalamika lakini atanunua. Mama lishe na mkaanga chipsi nao hawana ujanja, kwani kachumbari bila kitunguu si kachumbari. Kwa hiyo bei inapanda kidogo na hakuna anayetoka kwenye foleni, inapanda tena, wanatoka wachache, na inaendelea hivyo mpaka idadi ya wanaobaki ilingane na kilichopo. Bidhaa ambayo watu wanaweza kuibadilisha kwa nyingine haipandi namna hiyo. Nyanya zilipopanda, nyumba nyingi zilihamia nyanya ya kopo, ukwaju, au mchuzi wa nazi bila nyanya, na mchicha unaolimwa bustanini palepale mjini haukuguswa na habari ya Somanga hata kidogo.

Tena jamaa yetu aliona kitu ambacho wengi hawakitazami. Jirani yake sokoni alikuwa mnunuzi wa nazi anayezipeleka Dar. Kwa siku zilezile ambazo vitunguu vilikuwa vinapaa, nazi za jirani zilirundikana nyuma ya kibanda, bei yake Lindi ikashuka, kwa sababu wanunuzi wa Dar hawakuweza kuzifikia. Utasikia watu wakisema barabara ikifungwa kila kitu kinapanda, si kweli. Barabara ikikatika, soko moja linagawanyika mawili: bidhaa inayoingia kwenu inakuwa adimu na kupanda, na bidhaa inayotoka kwenu inakosa pa kwenda na kushuka. Kama una ndugu anayeuza Dar kitu kinachotoka Mtwara, mpigie, yeye atakusimulia upande wa pili wa kisa hiki.

Sasa sehemu inayokuhusu wewe na yule mwenye Fuso. Magunia matatu yaliyobaki jamaa aliyauza kwa busara, bei ikipanda kutoka Sh2,500 hadi Sh3,500, kwa wastani wa Sh3,000. Kilo 285 zikampa Sh855,000, na ukiondoa Sh486,000 alizoyanunulia unabaki na faida ya Sh369,000. Hakuwahi kuona faida kama hiyo. Usiku akapiga hesabu ambayo ndiyo huwaangusha watu: gunia la Songea linanifikia kwa Sh204,000, nikiuza kilo 90 kwa Sh3,500 napata Sh315,000, faida ni Sh111,000 kwa gunia, basi nichukue 10. Akaunganisha alizokuwa nazo na mkopo wa kikoba, akatuma Sh2,040,000.

Kabla ya mzigo wake kushushwa, mafundi walikuwa wameshajaza mawe na kifusi, na magari yakaanza kupita Somanga. Foleni yote iliyokuwa imesimama ikaingia mjini kwa pamoja. Ni jambo la kulitazama sana hili: siku njia inapofunguka bei hairudi taratibu ilikotoka, bali huweza kushuka hata chini yake, kwa kuwa mzigo wa siku nyingi unafika kwa siku moja na kila mwenye nao anataka autoe upesi. Kilo ikauzwa Sh1,900. Kilo zake 900 zikampa Sh1,710,000, hasara ya Sh330,000, na ile faida ya Sh369,000 ikabaki Sh39,000, kabla hajalipa riba ya kikoba.

Alikosea wapi? Hakukosea kununua kwa bei ya juu. Alikosea kuufanyia hesabu mzigo wa wiki ijayo kwa bei ya wiki hii. Bei ya Sh3,500 ilisimama juu ya miguu miwili, nauli na uhaba. Mguu wa uhaba uliondoka siku ya kwanza, na ule wa nauli ukaondoka pamoja nao kwa sababu hakuna tena aliyehitaji kuzunguka Songea. Yeye akabaki ameshika vitunguu vilivyolipiwa nauli ya safari ambayo soko haliitambui tena.

Kwa hiyo kabla ya kutoa oda, jiulize kwanza gunia hili litanipa nini njia ikifunguka likiwa bado barabarani. Kwa namba zetu, kilo 90 kwa bei ya kawaida ya Sh2,000 ni Sh180,000, nawe umelipa Sh204,000. Kila gunia linakutia hasara ya Sh24,000, na bei ikianguka hadi Sh1,900 hasara inakuwa Sh33,000. Magunia 20 yanaweza kukutoa Sh660,000. Ndipo uliza swali la pili, ambalo kwako wewe ndilo zito zaidi: nitauza magunia mangapi kati ya siku mzigo utakapofika na siku njia itakapofunguka? Wakati wa bei kubwa mauzo hupungua. Kama siku za kawaida unatoa gunia moja na nusu, huenda sasa unatoa moja. Una magunia 8 stoo, ambayo ni karibu siku 8. Fuso ikitumia siku 4 au 5 kufika, itakukuta bado na matatu au manne. Magunia 20 juu ya hayo yanakutaka uamini kuwa barabara itabaki imekatika kwa zaidi ya wiki tatu kuanzia leo, na sidhani kama wewe mwenyewe unaliamini hilo, kwani barabara kuu inayobeba mikoa miwili hutafutiwa njia ya kupitisha magari mapema, hata kabla daraja lenyewe halijajengwa upya.

Njia haifunguki ghafla bila dalili, nawe unaweza kuziona kabla ya tangazo. Ya kwanza ni kufaulisha: watu wanaposhusha mizigo upande mmoja, wakaivusha kwa vichwa au kwa pikipiki, na kuipakia katika magari yaliyogeukia upande wa pili, ujue bei imeshaanza kupata kikomo, kwa sababu gharama ya kufaulisha ni ndogo kuliko ya kuzunguka. Ya pili ni simu za matandiboi waliomo kwenye foleni, ambao hujua kila lori la kifusi lililomwagwa. Mmoja wao mwenye namba yako ana faida kuliko redio. Ya tatu ni wauzaji wa jumla wa kwenu. Ukiona aliyekuwa anakataa kukuuzia zaidi ya gunia moja sasa anakupigia yeye, akikuuliza kama utachukua matano, basi amesikia jambo.

Kuhusu magunia yako 8, uza kwa bei ya soko la siku, lakini usimpe mtu mmoja mengi. Weka kikomo, kwa mfano kilo 5 kwa mteja wa nyumbani na kilo 20 kwa mama lishe unayemfahamu, na mwenye guta mwambie hakuna magunia mazima wiki hii. Ukitaka kuwapunguzia wateja wako wa siku zote, hiyo ndiyo njia ya punguzo lako kuwafikia wao wenyewe: wape mafungu kwa bei iliyo chini kidogo, kwa mkono wako, kiasi cha chungu cha siku moja, ili kusiwe na cha kwenda kuuza tena. Sado na ndoo ziache pembeni kwa sasa, kwa kuwa wakati bei inabadilika kila asubuhi kipimo cha macho ndicho kinachozaa ugomvi. Tumia mizani, na andika bei ya kilo mahali panapoonekana. Usiyafiche magunia ukingoja bei ipande zaidi. Mbali na aibu yake, hatari ya biashara iko wazi: kila siku unayosubiri, Sh940 za uhaba zinaweza kupotea zote, na kitu pekee unachokingoja ni nyongeza ya mia mbili tatu.

Mama mkwe amelitaja neno dhuluma, nami silichukulii kuwa dogo. Katika hadithi mashuhuri, watu wa Madina walipomwomba Mtume awapangie bei zilipopanda, alikataa akasema kuwa Mwenyezi Mungu ndiye apangaye bei. Na yeye huyohuyo alikataza kuhodhi chakula ili watu wataabike. Hukumu ya kina muulize sheikh wako, lakini tofauti hiyo ndiyo utakayomweleza mama: kuuza mzigo ulio wazi mezani kwa bei ya siku ni jambo moja, kuufungia stoo na kudanganya kuwa umekwisha ni jambo lingine. Sheria ya nchi nayo ina mpaka wake. Vitunguu havina bei kikomo kama mafuta ya gari ambayo EWURA huyatangazia kila mwezi, hivyo huvunji sheria kwa kupandisha. Lakini Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza washindani kukubaliana bei. Ukiwafuata wenzako kwa kuwa umeona bei yao mezani, huo ni ushindani. Mkikaa kikao cha wauza vitunguu na kuapa kuwa hakuna atakayeshuka chini ya Sh3,500, hapo mmevuka mpaka, na mara nyingi mwenzenu mmoja atashuka usiku huohuo na kuwaacha na mizigo yenu.

Nyanya sizitaji sana kwa sababu hesabu yake ni fupi. Kitunguu kilichokauka vizuri kitakungoja wiki kadhaa ikiwa bei imeanguka, nyanya haikungoji hata siku nne. Malori yaliyokaa foleni Somanga yalipofungua milango Lindi, matenga ya chini yalikuwa yanavuja maji mekundu hadi kwenye lami, na ndiyo maana bei ya nyanya ilichelewa kushuka kuliko ya vitunguu ingawa njia ilikuwa imefunguka: matenga yalifika mengi, nyanya za kuuzika zikawa chache. Wewe nunua tenga moja moja kutoka kwa wakulima wa karibu, hata kama ni ndogo na za gharama, na usilipie mzigo wa nyanya ambao hujauona kwa macho.

Sasa turudi kwa mwenye Fuso. Kumbuka kwamba nauli yake haishuki vitunguu vikishuka. Yeye analipwa kwa magunia aliyobeba, kwa hiyo magunia 20 kwake ni bora kuliko 5 hata kama kwako ni kinyume. Muulize kwanza anapakilia wapi. Kama anakusudia kupakia Dar, mkatalie, kwa sababu vitunguu vingi vinavyouzwa Dar vilipita au kutoka Ruaha Mbuyuni na mikoa ya bara, na hakuna sababu ya kuvishusha hadi pwani kisha kuvipandisha tena Kitonga kwa fedha yako. Akipakia njiani, Ruaha Mbuyuni au Iringa, anaokoa mamia ya kilomita na bei ya shambani huwa chini ya ile ya dalali wa Dar; sehemu ya akiba hiyo lazima ionekane kwenye nauli. Kisha mwambie utachukua magunia 4, na utafute wenzako wanne sokoni wachukue kiasi kama hicho ili gari lijae bila mtu mmoja kubeba hatari yote.

Na kama anasisitiza kuwa bei haiwezi kushuka hivi karibuni, mpe pendekezo hili: anunue mzigo kwa fedha yake mwenyewe, nawe utamlipa kwa bei ya jumla ya Mtwara siku atakayoshusha. Akikubali, chukua hata 10. Akikataa, utakuwa umejua anavyoiona barabara hiyo yeye anayelala juu yake.